Asilimia Tisini na Sita

Ujumbe ulipoingia, muuza mbegu alikuwa juu ya ngazi dukani kwake, akipanga pakiti za nyanya kwenye rafu ya juu. Alisoma mstari wa kwanza, akashika rafu kwa mkono uliobaki, akausoma tena.

"Majibu ya sampuli ya mbegu: uhai asilimia 96. Daraja la kwanza."

Chini yake kulikuwa na maelezo marefu, lakini mtu aliyefaulu mtihani hasomi maelekezo. Alishuka, akafunga duka saa nne asubuhi, akaenda nyumbani kwa mwendo wa bwana harusi.

Tumwache afurahi kidogo, maana wiki nzima alikuwa hali wala halali. Ndoa ilikuwa na miaka minne bila mtoto, na mteja mmoja asiye na breki mdomoni alikuwa ameshamuuliza mbele za watu, "Bwana Mbegu, wenzako unawauzia, kwako je?" Alicheka pamoja nao, kisha akaingia stoo, akakaa juu ya gunia akijiona si mwanamume. Daktari aliposema wapimwe wote wawili, alitamani kutoroka. Alikaa siku tatu bila kumgusa mkewe, kama alivyoagizwa. Jumatatu akajifungia chooni, kisha akakimbiza kichupa hospitali akiwa amekibana kwapani kisipoe, maana kilitakiwa kufika kabla ya saa moja kuisha. Kutoka hapo akaendelea na mizunguko yake ya kazi, kichwa chini.

Sasa kichwa kilikuwa juu. "Mke wangu, mimi niko salama!" alisema mlangoni, akanyoosha simu, kidole gumba kikiwa kimefunika nusu ya kioo. "Tisini na sita!"

Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alisoma ule mstari mmoja. Akampa hongera. Kisha akarudi kwenye mashine yake na kushona mfuko wa kaptura juu chini. Kama mume alikuwa salama, basi aliyebaki ni yeye.

Wiki sita zilizofuata, mumewe alikuwa mwema kwa namna ya kuudhi sana. "Usijali, nitakuvumilia," alimwambia, huku akimwongezea chai. Alimpigia simu mama yake kumpa habari, na mama mtu akawapigia mashangazi. Dukani alianza kukohoa kwa sauti nzito na kuwashauri vijana wanaooa. Namba ya hospitali ilipiga mara tatu, naye akaiacha iite. Aliyefaulu anaitiwa nini tena? Kilichomkera kilikuwa kimoja tu: kituo cha kilimo. "Wazembe wale! Nimewapelekea mahindi yangu mapya wayapime, mpaka leo kimya, na magunia yamejaa stoo."

Mkewe alizunguka hospitali peke yake. Alitolewa damu siku ya tatu ya hedhi, akatolewa tena siku ya ishirini na moja, kuona kama yai lilikuwa limetoka. Akapigwa picha ya kizazi. Siku nyingine alilazwa kwenye meza ya eksirei, akapitishiwa dawa kwenye mlango wa kizazi ili waone kama mirija imeziba, na tumbo likamkata hata akamshika nesi mkono bila kumwomba ruhusa. Alirudi nyumbani akitembea kwa kuinama, mama mkwe akamwambia kwenye simu, "Jitahidi kidogo, mwanangu, mwenzio ameshafanya sehemu yake."

Hilo lilimuuma kuliko ile dawa. Akipima kiuno cha mtoto wa mtu, alijiuliza kama yeye ni mwanamke au ni mtu tu anayevaa gauni. Siku moja alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Ukitaka kuoa mwingine, niambie mapema."

"Hatujafika huko," mumewe alijibu. Lakini alijibu baada ya kufikiri, na mkewe akazihesabu zile sekunde.

Siku ya majibu yake, mume alivaa shati jipya na kumsindikiza. Daktari, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alifungua faili na kupitia karatasi moja moja.

"Mirija yote iko wazi. Mayai yanatoka kila mwezi. Kizazi kizuri. Mama, kwa vipimo hivi sioni tatizo lolote kwako."

Fundi cherehani alifumba macho. Alitaka kulia, akaona aibu, kisha akalia hivyohivyo.

"Sasa daktari," mume aliingilia, "ikiwa yeye hana tatizo, na mimi ndiye huyu..."

"Wewe tumekutafuta kwa simu mpaka tumechoka. Majibu yako hukuyachukua."

"Nilitumiwa." Alitoa simu kwa madaha, akaiweka mezani. "Soma mwenyewe."

"Sisi hatutumi majibu ya mtu kwa simu," daktari alisema, akavaa miwani. Alisoma juu, akasoma katikati, akasoma mpaka chini kabisa. Midomo yake ikacheza kidogo. Akavuta droo, akatoa bahasha ambayo haijafunguliwa, yenye tarehe ya wiki sita nyuma, akaisogeza mbele ya mume. Simu akampa mke.

Mke alifuta machozi, akausoma ujumbe wote bila haraka, mstari kwa mstari. Kisha akamshika mumewe mkono, ule mkono ambao kwa wiki sita haukumshika yeye.

"Ni kweli, mume wangu, ni daraja la kwanza," alisema kwa upole. "Wanasema upande mbegu mbili kila shimo, na mahindi yako yataota yote."