Nagomboa

Asubuhi Shaweji, fundi nguo, aliipoteza baiskeli yake kwenye karata. Akaweka pasi ya mkaa ili aigomboe baiskeli, nayo ikaliwa. Sasa alirudi na cherehani begani, akaitua kwenye mkeka wa karata. Shati la shule la mtoto wa watu lilikuwa bado limebanwa chini ya sindano, mkono mmoja haujamalizwa kushonwa.

Faki, mwenye karata, alimwonea huruma. "Chukua pasi yako bure, ukafanye kazi."

"Nikiondoka na pasi tu, baiskeli ndiyo imekwenda."

"Imeshakwenda, bwana. Ukae, usikae, imekwenda."

"Mimi sijakubali."

Mke wa Shaweji, Mwanakheri, alikuwa amemfuata mbio. "Juzi uliposhinda kuku uliinuka papo hapo, ukiogopa kumpoteza. Mbona leo huinuki? Acha kucheza, baba."

"Sichezi. Nagomboa."

"Kama usingepoteza kitu leo, ungeileta cherehani hapa?"

Shaweji alitikisa kichwa. Asingethubutu hata kidogo. Kisha akamgeukia Faki. "Gawa."

Karata ziligawiwa. Hazikujua nani anacheza na nani anagomboa.

Mchezo ulipokwisha, Faki aliivuta cherehani upande wake, na ule mkono wa shati ukaburuzika mkekani. Mwanakheri akajishika kichwa.

Shaweji aliutazama mkono ule wa shati. Akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaukunja taratibu kama afanyavyo kila jioni akifunga kazi, akauweka katikati ya mkeka.

"Gawa."