Ubeti wa Tatu

Vinyweleo vya mikono vilimsimama kabla hajajua kwa nini. Basi lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu, naye fundi cherehani amekaa kiti cha nyuma ya dereva, suruali tatu za mteja mapajani. Macho yakajaa machozi. Ndipo masikio nayo yakaleta habari: kwenye spika za basi ulikuwa unapigwa wimbo wa marehemu mkewe.

Miezi minane sasa tangu amzike. Sura yake alikuwa nayo ukutani, kandambili zake bado zilikuwa mlangoni. Kilichompotea ni sauti. Usiku alijaribu kuikumbuka ikamtoroka, na mjinga yeye hakuwahi kumrekodi hata siku moja. Wiki za mwanzo alikuwa akipiga namba yake, labda atabahatisha kitu, akajibiwa na mama wa kampuni ya simu kwamba mteja hapatikani. Fundi akamshukuru kwa taarifa.

Kwa hiyo wimbo huo ndio uliokuwa umebaki. Mkewe aliupenda kufa. Fundi alimwimbia kila alfajiri akioga, na ndani ya kichwa chake sauti ilikuwa nzito, tamu, sauti ya mtu ambaye cherehani ilimpokonya utajiri wa muziki. Mkewe alikuwa akisimama nje ya mlango wa bafu, amevaa tayari kwenda kazini. Alikuwa akisikiliza, au alitaka mswaki wake tu. Fundi hakuwahi kuuliza, asije akaambiwa.

Sasa huyu wa kwenye spika, lahaula! Sauti nyembamba, yote imepitia puani. Alipanda juu akakwama, akakohoa, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Gitaa hakuna. Nyuma yake yalisikika maji tu, shaaa, kama studio yenyewe inavuja.

"Huyu anaimba au amebanwa na mlango?" akauliza mama aliyekaa kando yake.

"Huyo ni mbuzi, mama," fundi akajibu, akijifuta macho. "Na mbuzi wanisamehe."

Basi zima likaangua kicheko. Fundi akajisikia mtu tena. Hakuwa amemchekesha yeyote tangu mazishi. Hata akaongeza kwamba kwa sauti ile mtu angefaa kufukuza kunguru shambani, watu wakazidi kucheka.

Jambo moja tu alimkubalia mwimbaji yule. Mkewe alizoea kumgombeza kwamba anauruka ubeti wa tatu, na yeye akibisha kwamba wimbo huo hauna ubeti wa tatu. Sasa huyu naye, baada ya ubeti wa pili, moja kwa moja kwenye kiitikio. Umeona sasa, mke wangu? fundi akasema moyoni. Kumbe tuko wawili.

Lakini kiitikio ndicho kilichoharibu kila kitu. Pale mahali ambapo mkewe alikuwa akifumba macho, yule bwana alipapiga kwato. Kicheko kikamwisha fundi. Akainama mbele.

"Dereva, nakuomba, zima hiyo. Huo wimbo ni wa marehemu mke wangu, na huyu anamtukana."

"Pole sana, mzee," dereva akasema, akimwangalia kwenye kioo. "Mimi nilipewa tu. Kuna mama alikuwa abiria wangu wa asubuhi, anakaa hapohapo ulipokaa wewe. Tukifika taa hizi lazima aniombe nimpigie. Namtania weee, wala hajali. Anasema duniani hajasikia sauti tamu kama hiyo. Siku hizi simwoni, nadhani amehama. Nikimkumbuka, naupiga."

Fundi hakuwa mtu wa mabasi. Kazi yake ilikuwa sebuleni kwake, na leo alitoka kwa sababu tu mteja alikuwa mgonjwa. Abiria wa asubuhi na mapenzi yao hayakumhusu.

"Basi huyo mama hana masikio," akasema. "Zima, mwanangu. Utakuwa umenisaidia."

"Zima tu," mama wa kando akamuunga mkono. "Mzee wa watu anaumia."

Dereva akashusha pumzi, akanyoosha mkono kwenye redio. Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe, maji kwenye spika yalipokatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Humohumo kwenye spika, mlango ukagongwa mara mbili.

"Fundi wangu," ikasema sauti ya mwanamke, karibu kabisa, inazuia kicheko, "ubeti wa tatu umeuruka tena. Hebu rudia, basi langu bado halijafika."