Sentensi Inayofuata

Mwalimu Mbaraka aliweka ufunguo wenye kutu mbele ya wanafunzi wake wa uandishi.

"Msianze na mlango," alisema. "Ulizeni nani ameushika ufunguo, anataka nini, na anaogopa nini. Hapo ndipo hadithi inapofunguka."

"Mimi ufunguo wangu umefungua benki, mwalimu," mmoja akasema.

"Ndiyo maana hadithi yako haina mtu, bwana."

Kisha Bi Siwema akasoma yake. Alikuwa muuza vitumbua wa mtaa ambao manispaa iliubomoa, na leo wakubwa wanaegesha magari pale palipokuwa na vitanda vya watu.

"Ameushika mume wangu. Tingatinga linakuja, naye amefunga nyumba. Anasema hata mwizi huona haya mbele ya mlango uliofungwa, sembuse serikali. Anataka wabishe hodi tu. Ameketi kizingitini, ufunguo mkononi."

Akaiweka karatasi chini.

"Anaogopa nini, mama?"

"Yeye haogopi. Mimi ndiye ninayeogopa. Nikiandika sentensi inayofuata, mwalimu, atakuwa amekufa."

Mwalimu alimsogezea ufunguo taratibu.

"Basi andika inayotangulia hiyo."

Bi Siwema aliushika, akainama. Aliandika kwamba mumewe aliinuka, akaujaribu mlango kama umefungwa vizuri, akaketi. Halafu akaandika kwamba aliinuka tena, akaujaribu tena. Kila mumewe alipoketi kizingitini, Bi Siwema alimwinua tena, na kutu ya vidole vyake ikazidi kuenea kwenye karatasi.