Gauni Lililobaki na Pini

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali. Gauni la shoga yake, alilokuwa akilipanua kiunoni, likabaki chini ya sindano. Mimba ya miezi minne ilikuwa imeharibika jana. Mume wa shoga ndiye aliyepiga simu.

Fundi akamwandikia shoga: "Mungu atakupa mwingine." Akafuta. Nani kasema anataka mwingine? Alimtaka huyo.

"Angalau una wale wawili." Hiyo aliifuta hata kabla ya kuimaliza.

"Mwambie ajikaze," alisema mama yake, akikata nyuzi.

"Mama, amejikaza tangu jana. Kachoka."

Akaanza upya: "Shoga, nimeambiwa. Pole kwa mtoto wako. Sina neno la kukutuliza. Najua damu bado inatoka, nakuletea pedi kubwa na supu. Gauni lako sitaligusa mpaka useme. Usijibu, wala usinyanyuke. Saa kumi nitaviacha mlangoni, sitapiga hodi."

Akatuma kabla hajajishauri. Akalikunja gauni taratibu, pini zikiwa bado kiunoni.

Simu ikatetemeka mezani.

"Piga hodi."