Namba ya Kwenye Kifuniko

Siku hizi dawa za zahanati hutolewa na mashine. Wauguzi hukagua rafu kwa picha wakiwa nyumbani, bila kuambiwa ni za zahanati ipi, wasije wakapendelea.

Kokushubira, muuguzi mpya kazini, alikuza picha ya chupa za dawa ya kiungulia. Sita zilikuwa sawa. Ya saba ilikuwa na lebo ileile, lakini namba ya bechi kwenye kifuniko haikulingana na ya kwenye lebo. Ilikuwa namba ya dawa ya upele, ambayo nayo ni nyeupe kama maziwa, ila ni ya kupaka tu. Ukiinywa ni sumu.

Aliifunga rafu nzima, akaagiza chupa itengwe, akafungua picha za chupa zilizokwisha kutolewa. Moja ilitoka jana, yenye kifuniko cha namba hiyohiyo. Jina la mgonjwa lilikuwa limefichwa.

"Shangazi," aliita kuelekea jikoni, "ile dawa ya kiungulia uliyochukua jana umeinywa?"

"Bado, mwanangu. Nangoja nile kwanza."

Alimfuata, akaisoma chupa. Namba ya kifuniko na ya lebo zililingana. Alishusha pumzi, kisha akarudi mezani kubonyeza "Mpigieni mgonjwa" kwa mara ya tatu.

Jibu likaja lilelile: simu inaita, haipokelewi.