Jina la Chini ya Rangi

"Brashi yangu haijawahi kumchoma asiyehusika," Chaurembo, mchoraji wa majina ya magari, alizoea kutamba, na mtaa ukacheka naye.

Siku hizo gari lilitii jina lililochorwa mgongoni mwake. Liandike TARATIBU MWENDO, halikimbii hata ulitukane.

Kaka yake Sadala, aliyejitwalia pikapu ya marehemu baba yao peke yake, akaja kifua mbele. "Mdogo wangu, niandikie MTANIKUTA MBELE. Herufi nene zenye kivuli chekundu, wenye wivu wasome wakiwa nyuma yangu."

"Umepata, kaka."

Chaurembo akalikwangua jina la baba, akapiga msasa, na kwenye bati tupu akaandika HUTAFIKA. Lilipokauka akalifunika kwa rangi nyeupe, ndipo akapiga mistari ya chaki na kuchora alichoagizwa. Kila mchoraji anajua: gari hutii jina lililogusa bati lenyewe, si lililochorwa juu ya rangi.

Nyanya alizopakia Sadala kupeleka sokoni zikaozea njiani. Chaurembo alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kisha mama yao akabanwa na kifua, na gari la karibu lilikuwa hilo hilo. Wakampakia, wakapanda wote. Lango la hospitali lilipoonekana, pikapu ikageuza yenyewe, milango imejifunga. Ikazunguka, ikaliona tena lango, ikageuza tena.

"Gari hili lina nini?" Sadala akapiga kelele.

"Nitajuaje mimi, kaka?"

Mama akamshika Chaurembo mkono. Pumzi ilikuwa ya kuokoteza.

"Nilikuwa dirishani siku ile, mwanangu. Mwambie kaka yako uliandika nini kwanza."