Chaji ya Kutwa

Taa ilikonyeza kwa rangi nyekundu mara tatu, ikazima. Uwingabire alikuwa bado kwenye swali la pili la hesabu.

"Tena!" akafoka gizani. "Tena, jamani!"

Wiki ya tatu sasa tangu radi ichome transfoma. Mtaa wote giza, na mtihani wa taifa Jumatano. Paneli ya taa aliihudumia kama mgonjwa: kila asubuhi aliipandisha juu ya mabati, akaielekeza juani, akaifuta matone ya mvua. Hata kwa mawingu haya ya Novemba, chaji ya kutwa ilitosha saa nne za mwanga mdogo. Yeye alikuwa anaambulia saa moja.

Jumatatu alirudi saa sita mchana kuchukua daftari alilosahau, akamkuta mwizi. Waya wa simu ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la taa. Mama yake, Maman Speciose, alikaa kando akipangusa viatu vya Papa kama kila siku, macho kwenye simu.

"Maman! Simu inakula mwanga wangu! Hapa mpakani inahangaika kutafuta mtandao, mara wa huku, mara wa Bukavu, jioni imeisha tena. Mimi nitasoma na nini?"

"Papa yako atapiga," akasema Maman. "Akipiga, akute imezimika?"

Papa Védaste alivuka mpaka wa Rusizi I kuingia Kongo mwezi wa tano, na lori la mchele wa Bugarama, kuelekea Masisi. Huko vita vikaanza upya.

Uwingabire akachomoa waya. Jioni ile alisoma zaidi ya saa mbili, akamaliza hesabu zote. Lakini simu ilikufa, na Maman hakula. Aliikumbatia, akiibonyeza na kuibonyeza.

"Sasa atanipata wapi?"

Uwingabire akamsogelea. Akakaa naye chini, wakalia wote wawili.

Jumanne mvua ilinyesha hadi saa tisa. Taa ilipata chaji kiduchu tu. Uwingabire aliitazama, akalitazama daftari la fizikia ambalo hakuwa amelifungua, kisha akaichomeka simu kwa mkono wake mwenyewe. Giza lilipoingia, taa haikuwaka kabisa.

Antoinette, mpangaji aliyehamia jirani wiki iliyopita, alikuja kurudisha sufuria. Alimkuta mlangoni na daftari limefungwa.

"Wewe mutoto, uko na wazimu? Mtihani kesho, chaji unaipa simu? Papa yako akikosa kuwapata leo, si atapiga kesho?"

Uwingabire akageuka kutazama ndani. Kimwanga cha simu kilikuwa usoni mwa Maman. Alikuwa ametulia, anakula.

"Atapiga na nini, Maman Antoinette?" akanong'ona. "Ile simu ni yake. Bapakizi ba lile lori ndio balituletea, pamoja na viatu."